Uzi: Jedwali linasema Kigoma imeongezeka, video yangu inaonyesha inapungua. Nimekosea wapi?

Mwalimu_Ujiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa Jiografia huku mwisho wa reli. Nimechukua jedwali la sensa nikataka nitengeneze video fupi, michoro inasogea na sauti yangu inasimulia, niwaonyeshe kidato cha tatu halafu niirushe kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Nimechagua mikoa miwili tu, wetu na wa jirani zetu, maana nusu ya darasa lina ndugu Tabora.

| Mkoa | Sensa ya 2012 | Sensa ya 2022 |
|---|---|---|
| Kigoma | 2,127,930 | 2,470,967 |
| Tabora | 2,291,623 | 3,391,679 |

Nimefanya zile pau mbili za kulala zinazokimbizana, mwaka unahesabika pembeni kuanzia 2012 hadi 2022. Kijana niliyemfundisha zamani ndiye aliyeniandikia programu ya Python. Video ina sekunde 50, na mimi naona imependeza.

Jana nimemwonyesha mama anayeuza maandazi pale getini, nikamuuliza ameelewa nini. Akaniambia: "Kumbe Kigoma watu wanapungua, wanakwenda wapi?" Nikadhani hakutazama vizuri. Nikampa mwalimu mwenzangu wa Hisabati, naye jibu lilelile. Jamani, Kigoma imeongezeka watu zaidi ya laki tatu na arobaini elfu, na kwenye sauti sijatamka neno "kupungua" hata mara moja. Wanalitoa wapi?

---

Chipukizi_Mwanga

Ticha shikamoo. Tatizo ni mwendo. Sekunde 50 na pau mbili, mtu anachoka kabla hujafika 2015. Weka singeli kwa chini, halafu mwendo uanze polepole, ukolee katikati, umalizie polepole. Hivyo ndivyo video za siku hizi zinavyofanya na watu wanatazama mpaka mwisho. Mimi natengenezea maduka matangazo kwenye simu, najua.

---

Binti_Cheyo

Mwalimu, kabla ya singeli naomba kitu kimoja. Kwenye hiyo programu kuna mstari unaopanga skeli ya chini, yaani pau ndefu kuliko zote inafika wapi kwenye kioo. Uubandike hapa.

---

Mwalimu_Ujiji

Ni hapa nadhani:

```python
def chora(i):
    ax.clear()
    ax.set_xlim(0, max(thamani[i]))
    ax.barh(mikoa, thamani[i])
```

---

Binti_Cheyo

Basi mama wa maandazi yuko sahihi, na mwalimu wa Hisabati yuko sahihi. Wametazama kwa macho yao wakasema walichokiona.

Hilo neno `max` ndilo lenye kesi. Linaiambia kompyuta kwamba katika kila fremu, anayeongoza ajaze kioo kizima. Kwa hiyo Tabora haisogei kabisa, imegusa ukingo wa kulia tangu sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho. Kinachosogea ni Kigoma peke yake. Piga hesabu: mwaka 2012 Kigoma ni 2,127,930 kwa 2,291,623, pau yake inachukua asilimia 93 ya kioo. Mwaka 2022 ni 2,470,967 kwa 3,391,679, yaani asilimia 73. Mtazamaji ameona pau moja imesimama na nyingine inarudi nyuma, akasema inapungua. Wewe ungesema nini?

Namba zinazopita chini ya pau zinabadilika kuonyesha kwamba skeli inatanuka, lakini hakuna anayezisoma. Jicho linafuata kitu kinachotembea. Na sauti haiwezi kulishinda jicho. Ukisema "imeongezeka" huku pau inafupika, mtu ataamini pau.

Dawa ni skeli moja isiyobadilika, ianzie sifuri na imalizie juu kidogo ya namba kubwa kuliko zote:

```python
def chora(i):
    ax.clear()
    ax.set_xlim(0, 3.5)
    ax.barh(mikoa, thamani[i], color=rangi)
```

Thamani ziweke kwa milioni, yaani 2.13, 2.29 na kuendelea. Mstari wa `set_xlim` lazima ukae baada ya `ax.clear()`, kwa sababu `clear` inafuta skeli kila fremu. Ukiuweka nje ya `chora`, kompyuta inajipangia skeli yake na unarudi palepale. Kwa skeli hii Kigoma itaanza kwenye asilimia 61 ya kioo na kufika 71. Tabora itaanza 65 na kufika 97. Zote mbili zinakwenda mbele, moja inakimbia zaidi. Hiyo ndiyo habari iliyomo kwenye jedwali lako.

---

Mwalimu_Ujiji

Dada yangu, nimekaa kimya dakika kumi nzima. Mimi nimeitazama hiyo video zaidi ya mara thelathini na sikuona.

---

Binti_Cheyo

Hukuona kwa sababu jibu ulikuwa nalo kichwani. Ndiyo maana kupima kwa mama wa maandazi ni kipimo kizuri kuliko chako na changu. Endelea naye.

---

Mzee_Stesheni

Vijana, mnajadili urefu wa pau wakati jambo lenyewe liko wazi. Mimi nimekaa Tabora tangu enzi za treni ya makaa. Kaliua na Sikonge kulikuwa pori, leo ni mashamba na mifugo. Watu wametoka Usukumani, wametoka na huko kwenu, wamefuata ardhi. Mwalimu asimulie hivyo: Tabora imejaa kwa sababu ina ardhi. Hapo video itakuwa na maana, siyo pau tu.

---

Mama_Kibirizi

Samahanini naingilia. Mimi nauza dagaa na migebuka hapa Kibirizi, nina daftari la mauzo ya kila siku la mwaka mzima. Naweza kutengeneza video kama hii ya mauzo yangu niwapelekee wanachama wenzangu wa kikoba wanikopeshe? Nina kurasa kama sabini.

---

Chipukizi_Mwanga

Mama weka zote, kila siku pau yake, zikimbie kwa dakika mbili. Watashangaa!

---

Binti_Cheyo

Mama Kibirizi, shikamoo. Usiziweke zote. Jiulize kwanza: wakishamaliza kutazama, unataka waseme sentensi gani? Kama ni "huyu anakwama wiki za mbalamwezi dagaa wakiadimika, lakini mwezi ukifa analipa", basi chukua jumla za wiki, siyo za siku, na upake rangi wiki za giza tu, nyingine ziwe kijivu. Ila kwa kikoba ningekushauri uende na karatasi moja. Wenzako watataka kuweka kidole kwenye namba na kukuuliza, na video haisubiri kidole.

Mzee wangu, hoja yako nakuja kwayo, siikimbii.

Chipukizi, wewe uko nusu sahihi. Sekunde 50 ni nyingi kwa jambo moja na mwalimu apunguze. Lakini ule mwendo wa polepole, mbio, polepole una sumu yake ukiuweka pamoja na mwaka unaohesabika. Ukifika 2020 pau zinaanza kusinzia, na mtazamaji anasoma kwamba ongezeko lilipoa miaka ya mwisho. Nani kasema? Umesema wewe kwa mkono wako, kwa kutaka video ipendeze.

Na huo mwaka unaohesabika ndio kosa la pili la mwalimu. Sensa zilikuwa mbili, Agosti 2012 na Agosti 2022. Katikati hakuna aliyehesabiwa. Programu imegawanya tofauti sawasawa kwenye fremu zote, hivyo video ikifika katikati inaandika "2017" na chini yake Kigoma 2,299,448. Namba ina tarakimu saba, inaonekana kama ya serikali, kumbe ni wastani wa namba mbili. Mwanafunzi mwenye bidii ataiandika kwenye daftari na kesho ataileta kwenye mtihani.

Mimi ningeondoa kihesabio kabisa. Andika "2012" kubwa, pau zisimame. Kisha 2012 ifutike, pau zitembee bila tarehe wala namba kwa sekunde tatu au nne, zisimame, ndipo iandikwe "2022" na namba zirudi. Bila mwaka pembeni, Chipukizi anaweza hata kuweka mwendo wake wa kusinzia, hautamdanganya mtu.

---

Chipukizi_Mwanga

Sawa dada, nimekubali la mwaka. Ila bado nasema video bila kihesabio haina mvuto, mtu anapenda kuona namba zinapanda.

---

Mwalimu_Ujiji

Nimebadilisha skeli, nimeondoa kihesabio. Sasa sauti. Maneno niliyokuwa nasoma ni haya, naomba mnichane:

"Kwa mujibu wa sensa ya watu na makazi ya mwaka 2022, mkoa wa Tabora ulikuwa na jumla ya watu milioni tatu, laki tatu na tisini na moja elfu, mia sita sabini na tisa, ikilinganishwa na milioni mbili, laki mbili na tisini na moja elfu, mia sita ishirini na tatu mwaka 2012, sawa na ongezeko la asilimia 48, ambapo mkoa wa Kigoma..."

---

Binti_Cheyo

Mwalimu, jipime kwa saa ya simu. Hiyo namba ya kwanza peke yake inakula kama sekunde sita. Kiswahili chetu kinazitamka namba kwa urefu, na mpaka ufike "sabini na tisa" msikilizaji ameshasahau kama ilikuwa milioni tatu au mbili. Namba kamili ibaki kwenye jedwali. Kwenye sauti sema milioni na laki, basi. Na unachosema ndicho kiandikwe kwenye kioo. Ukisema "milioni tatu na laki nne" huku kioo kinasema 3,391,679, mtu anaanza kuhakiki badala ya kusikiliza.

Mimi huwa naanza na sentensi ya mwisho, ile ninayotaka mtu atoke nayo. Kwako ningeandika hivi: *Mikoa hii ilianza karibu sawa, miaka kumi baadaye Tabora imeizidi Kigoma kwa watu laki tisa.* Kisha kila kitu kisichoibeba sentensi hiyo nakitoa. Asilimia 48 inatoka. "Kwa mujibu wa" inatoka kwenye sauti, chanzo kiandikwe kwa maandishi madogo chini. Inabaki kitu kama hiki:

> Mwaka 2012 Kigoma ilikuwa na watu milioni mbili na laki moja. Tabora, milioni mbili na laki tatu. Karibu sawa.
> *(kimya, sekunde mbili)*
> Sasa zitazame zote mbili.
> *(pau zinatembea, sekunde nne, hakuna anayesema)*
> Mwaka 2022. Kigoma imeongezeka, imefika milioni mbili na nusu. Lakini Tabora imefika milioni tatu na laki nne.
> *(kimya, mabano yanatokea kati ya ncha za pau mbili)*
> Mikoa iliyokuwa karibu sawa, leo imepishana kwa watu laki tisa.
> *(kimya, sekunde tatu)*

Nimefanya makusudi kusema "zitazame" kabla ya mwendo na kunyamaza wakati wa mwendo. Mtu hawezi kufuata pau na kusikiliza namba kwa wakati mmoja, kimoja kitaanguka. Na "Kigoma imeongezeka" imewekwa mbele ya "lakini" kwa ajili ya yule mama.

---

Mwalimu_Ujiji

Yule mwenzangu wa Hisabati yuko hapa pembeni anacheka. Anasema ukikadiria, 2.3 kutoa 2.1 ni laki mbili, wakati tofauti halisi ya 2012 ni 163,693. Mwanafunzi akitoa mwenyewe atapata jibu lisilo kweli.

---

Binti_Cheyo

Msalimie sana, ndiyo maana pengo la 2012 sikulitaja kwa namba, nimesema "karibu sawa". Ukilazimika, sema "laki mbili kasoro". Pengo la 2022 halina shida: 3.4 kutoa 2.5 ni laki tisa, na tofauti halisi ni 920,712. Namba ukizikadiria, hakikisha zinaweza kujumlishwa na kutolewa mbele ya watu, maana watazitoa.

---

Mzee_Stesheni

Bado nasubiri jibu langu la ardhi.

---

Binti_Cheyo

Nakuja mzee wangu. Hoja yako inawezekana ni kweli tupu. Lakini jedwali la mwalimu lina safu mbili za idadi ya watu. Halina safu ya waliohamia, halina vizazi na vifo, halina ekari. Akitamka "kwa sababu ya ardhi" huku pau za sensa zinatembea, mtazamaji ataamini sensa ndiyo iliyosema hivyo. Anaweza kuitaja kama swali la kujadili darasani baada ya video, au atafute jedwali la uhamiaji atengeneze video ya pili.

---

Mzee_Stesheni

Mwanangu, kwa mtindo huo hatutasema lolote mpaka tupate jedwali lake. Mimi hao watu nimewaona wakishuka stesheni na mabati yao. Na upande wa Kigoma kuna jambo la wakimbizi pia. Sensa inahesabu aliyelala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa, haijalishi katoka wapi. Waliokuwa kambini Nyarugusu na Nduta wamo kwenye hesabu. Wakija namba inapanda, wakirudi kwao inashuka. Mwalimu hawezi kulinganisha miaka miwili bila kulisema hilo.

---

Mwalimu_Ujiji

Mzee hapo umenigusa, maana nusu ya maswali ya wanafunzi yatakuwa hayo. Sijaamua. Naelekea kuweka maandishi mwishoni: "Wamehesabiwa wote waliolala mkoani usiku wa sensa."

---

Binti_Cheyo

Hilo la mzee nalikubali, na hayo maandishi yaweke. Sababu ya ardhi bado sikubaliani naye kuiingiza kwenye sauti.

---

Chipukizi_Mwanga

Ticha, kwa nini usiweke mikoa yote ya nchi? Mbili tu ni kidogo.

---

Mwalimu_Ujiji

Nilijaribu wiki iliyopita nikaogopa. Mbeya ilionekana kuporomoka, kutoka 2,707,410 hadi 2,343,754. Nikadhani nimekosea kunakili.

---

Binti_Cheyo

Hukukosea kunakili. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Namba ya 2012 ni ya Mbeya nzima, ya 2022 ni ya Mbeya iliyobaki. Ukirudisha watu 1,344,687 wa Songwe unapata 3,688,441, na "kuporomoka" kunageuka kuwa ongezeko la karibu milioni moja. Ukiona mkoa unashuka ghafla kwenye jedwali la sensa, tafuta kwanza kama mpaka umehama. Wilaya ndizo mbaya zaidi: Kasulu ya sasa siyo ile iliyokuwa pamoja na Buhigwe. Kigoma na Tabora kama mikoa umebahatika. Baki nazo.

---

Mwalimu_Ujiji

Nimerekodi. Mara ya kwanza mvua kwenye bati, mara ya pili jogoo. Mara ya tatu nimejifunika blanketi zito nikiwa na simu, jasho limenitoka lakini sauti imetulia. Kila sentensi nimeiweka faili lake kama mlivyonielekeza inboksi, nikapima sekunde zake, ndipo nikampa kijana urefu wa kila mwendo. Rangi: Tabora chungwa, Kigoma bluu iliyokolea. Kwanza nilikuwa nimeipaka Kigoma kijivu, mwanangu akaniuliza kwa nini kwetu kumekufa.

Lakini kuunganisha picha na sauti kumenishinda. Sentensi ya mwisho inakatwa, inaishia "imepishana kwa watu la..." Na kwenye simu ya mke wangu video ni nyeusi, sauti tu.

---

Binti_Cheyo

Mwanao ana jicho.

Hayo ni mambo mawili tofauti. Sauti inakatwa kwa sababu picha ni fupi kuliko sauti, na bila shaka umeweka `-shortest`, ambayo inakata kwenye kifupi kati ya hivyo viwili. Igandishe fremu ya mwisho sekunde chache ili sauti ndiyo iwe fupi. Weusi unatokana na mpangilio wa rangi ambao simu nyingine hazisomi, na `yuv420p` inaondoa hilo:

```
ffmpeg -i picha.mp4 -i sauti.wav -vf tpad=stop_mode=clone:stop_duration=8 -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -shortest hadithi.mp4
```

Zile sekunde tatu za kimya cha mwisho ziwe ndani ya `sauti.wav` yenyewe, la sivyo nazo zitakatwa. Kisha jitumie kwa WhatsApp, uipakue, uitazame kwenye simu ndogo kuliko zote nyumbani. Kama "3.4" haisomeki ukinyoosha mkono, ongeza ukubwa wa maandishi.

---

Mwalimu_Ujiji

Ina sekunde 34. Simu ya mke wangu inaonyesha. Nimemfuata mama wa maandazi asubuhi hii, nimempa aitazame mara moja tu bila kurudia. Jibu lake: "Tabora wametuacha mbali. Sisi tumeongezeka kidogo, wao wameongezeka sana. Wamewatoa wapi?"

---

Mzee_Stesheni

Mpe namba yangu huyo mama.

---

Mama_Kibirizi

Mimi nimeandika karatasi moja kama dada alivyosema. Ila jumla ya wiki nikiwa nimelala na dagaa wa juzi ambao sijauza, naihesabu wiki ipi?